Cheti Kimekwisha, Mjumbe Kagonga Mlango Mwingine

Skrinshoti ilimfikia mama mwenye nyumba ya wageni saa nne kasoro asubuhi, Ijumaa ya tarehe 12 Septemba 2025. Mteja wa Dar es Salaam alitaka kuweka nafasi ya vyumba viwili kwa mwisho wa wiki, akafungua tovuti, akakutana na ukurasa mweupe wenye pembetatu nyekundu na maneno `Your connection is not private`. Chini yake, kwa herufi ndogo, kulikuwa na `NET::ERR_CERT_DATE_INVALID`. Wageni wawili waliojasiri kubonyeza na kupita wakaona tovuti ileile waliyoizoea, ila juu kwenye anwani palikuwa na `Not secure` kwa rangi nyekundu.

Nilipopokea simu yake swali la kwanza halikuwa la kiufundi. "Kaka, tumeibiwa?"

Hapana. Nitaieleza nyumba hii kwa kirefu kwa sababu tatizo lake lilianza kama lile linalowapata wenye biashara ndogo kila siku, yaani cheti kimepitwa na tarehe, lakini dawa ya kawaida ilikataa kufanya kazi. Jina la tovuti nimelibadilisha, tuiite `pangani.example`.

Cheti kinasema nini, na kikiisha kinaacha kusema nini

Ukitaka kufungua akaunti benki, unaweza kuombwa barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa. Barua haifanyi pesa zako ziwe salama. Inasema tu kwamba mtu huyu tunamfahamu na anakaa hapa. Cheti cha tovuti ni barua ya namna hiyo. Kinabeba jina la domeni, jina la aliyekitoa, ufunguo wa wazi wa seva, na tarehe mbili: kinapoanza na kinapokwisha. Kivinjari cha mgeni kinaisoma barua hiyo kabla ya kuonyesha chochote. Jina likilingana, mtoaji akiwa miongoni mwa wale kivinjari kinaowaamini, na leo ikiwa kati ya tarehe zile mbili, mgeni anapita bila hata kujua kwamba kulikuwa na ukaguzi.

Tarehe ikipita, mazungumzo kati ya simu ya mgeni na seva bado yanaweza kusimbwa vilevile kama jana. Kilichokosekana ni dhamana kwamba unayeongea naye ndiye. Domeni huuzwa, kampuni hufa, funguo huibwa, kwa hiyo barua ya zamani haiwezi kuaminiwa milele. Kivinjari hakina njia ya kutofautisha mama aliyesahau kuhuisha na tapeli aliyeokota barua ya mwaka juzi. Kinawazuia wote wawili kwa maneno yaleyale makali.

Ndiyo maana ushauri wa kwanza aliopewa na jamaa yake, kwamba awaambie wateja wabonyeze `Advanced` kisha wapite, ulikuwa mbaya kuliko tatizo lenyewe. Mteja aliyefundishwa kupita onyo kwenye tovuti yako atalipita pia siku atakayokaa kwenye waifai ya hoteli na mtu akajiweka katikati yake na benki yake. Isitoshe, kuna tovuti ambazo njia ya kupita haipo kabisa: zilizowahi kuviambia vivinjari, kupitia agizo liitwalo HSTS, kwamba zisifunguliwe kamwe bila cheti halali.

Ushauri wa pili ulikuwa azime HTTPS, njia inayotumia cheti, arudi kwenye `http://` ya zamani. Hilo nalo halisaidii. Tangu toleo la 68 la Chrome, Julai 2018, tovuti yoyote ya `http://` huandikwa `Not secure` hata kama haijawahi kuwa na cheti. Angebadilisha onyo kubwa kwa onyo dogo, na majina na namba za simu za wageni wake zingesafiri wazi.

Kwanza soma tarehe

Kabla ya kugusa kitu nilimwomba afanye jambo moja: afungue tovuti kwenye kompyuta, abonyeze maneno `Not secure` yaliyo kushoto mwa anwani, afungue maelezo ya cheti, anisomee tarehe. Mimi kwangu niliuliza seva moja kwa moja:

```
openssl s_client -connect pangani.example:443 \
  -servername pangani.example </dev/null 2>/dev/null \
  | openssl x509 -noout -issuer -dates
```

Jibu la tarehe lilikuwa hili:

```
notBefore=Jun 14 06:41:11 2025 GMT
notAfter=Sep 12 06:41:10 2025 GMT
```

Hapa watu wengi huteleza kwa sababu ya saa. GMT iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 3. Saa 06:41 ya GMT ni 09:41 kwetu, yaani saa tatu na dakika 41 asubuhi. Mteja aliyeweka nafasi saa mbili asubuhi hakuona kitu, na aliyekuja saa nne kasoro akakuta mlango umefungwa. Wote wawili wanasema kweli. Mama mwenyewe alikuwa ameapa kwamba "asubuhi ilikuwa inafunguka", na ilikuwa inafunguka.

Kusoma tarehe kunakuepusha pia na matibabu ya ugonjwa usiokuwapo. Kama cheti kina siku 40 mbele lakini mtu mmoja tu analalamika kwa ujumbe uleule wa tarehe, tazama saa ya simu yake. Simu iliyozimika betri ikarudi na mwaka wa nyuma huona karibu kila cheti duniani kuwa hakijaanza. Kama kosa linasomeka `NET::ERR_CERT_COMMON_NAME_INVALID`, tarehe haihusiki, ni jina ndilo lisilolingana, na mara nyingi cheti kimeandikwa `pangani.example` bila kuwa na `www.pangani.example`. Na usichanganye cheti na domeni. Domeni ni kiwanja unachokilipia kwa msajili kila mwaka. Ikiisha hiyo, kwa kawaida tovuti na barua pepe huacha kufika kwako kabisa. Nimewahi kumwona mfanyabiashara akikimbilia kulipia domeni yenye miezi minane mbele, akashangaa pembetatu nyekundu bado ipo.

Tarehe za mama yule zilikuwa zimepishana kwa siku 90 kamili. Hilo, pamoja na jina la mtoaji, lilinieleza jambo jingine: cheti ni cha Let's Encrypt, kinachotolewa bure, na hakuna mtu aliyepaswa kukihuisha kwa mkono. Kuna roboti kwenye seva iliyopaswa kuomba kipya zikiwa zimebaki takriban siku 30, yaani katikati ya Agosti. Kwa hiyo swali halikuwa "nani kasahau". Swali lilikuwa: roboti imekwama wapi kwa mwezi mzima?

Kubonyeza kitufe

Tovuti yake iko kwenye seva ya kukodi yenye paneli ya cPanel, kama zilivyo tovuti nyingi za biashara ndogo. Humo ndani, chini ya `Security`, kuna ukurasa wa `SSL/TLS Status` unaoorodhesha kila jina la tovuti na hali ya cheti chake. Juu yake kuna kitufe cha `Run AutoSSL`, kinachoiamsha roboti ile. Kwa wengi, hadithi inaishia hapa. Unabonyeza, unasubiri dakika chache, alama nyekundu inageuka kijani, tarehe mpya inaonekana. Kama ukurasa huo au kitufe hicho hakipo kwenye paneli yako, kampuni inayohifadhi tovuti yako ndiyo yenye funguo, na ujumbe mmoja wenye sentensi "cheti cha domeni yangu kimekwisha tarehe fulani, tafadhali endesheni AutoSSL" unatosha.

Kwake kitufe kilibonyezwa mara mbili na alama ikabaki nyekundu. Maelezo ya kosa yalitaja `DCV`, ambayo ndiyo hatua ya kuthibitisha kwamba domeni ni yako, na yakasema faili la uthibitisho lilitafutwa na jibu likawa `404`, yaani halipo.

Nikamzuia asibonyeze tena. Let's Encrypt wana ukomo wa majaribio: uthibitisho ukishindwa mara 5 ndani ya saa moja kwa jina moja, maombi yanayofuata yanakataliwa kwa muda hata kama umeshatengeneza kosa. Mtu mwenye hofu anayebonyeza kila dakika anajifungia mlango kwa mkono wake.

Hatua ya uthibitisho yenyewe inaeleweka vizuri tukirudi serikali ya mtaa. Umekwenda kuomba barua. Mwenyekiti hakufahamu, anakupa kikaratasi chenye namba na kukuambia, kakibandike mlangoni kwako, nitamtuma mjumbe akakisome. Roboti ya seva yako inaweka kikaratasi hicho kwenye folda ya `.well-known/acme-challenge/` ndani ya tovuti. Mjumbe wa Let's Encrypt anakuja kupitia `http://`, anasoma. Akikikuta, barua inaandikwa. Hakuna anayekagua kama wewe ni mtu mwema au kama biashara yako imesajiliwa. Wanachokagua ni kama unaweza kubandika kitu kwenye mlango wa nyumba hiyo.

Basi tukabandika kikaratasi chetu wenyewe. Kupitia kidhibiti cha mafaili cha cPanel aliweka faili dogo, `jaribu.txt`, ndani ya folda ileile, kisha akafungua kwa simu:

```
http://pangani.example/.well-known/acme-challenge/jaribu.txt
```

Likafunguka. Kwangu pia likafunguka. Kwa kawaida jaribio hili ndilo linalomkamata mhalifu, kwa mfano kanuni ndani ya `.htaccess` inayowapeleka wageni wote kwenye ukurasa wa "tunafanya matengenezo", au programu-jalizi ya ulinzi inayozuia folda zenye majina yanayoanza na nukta. Au mtu aliyezuia wageni wote wasio wa Tanzania, akidhani anajikinga na wadukuzi: mjumbe wa Let's Encrypt huja kutoka sehemu kadhaa za dunia kwa wakati mmoja, na akizuiwa huko, cheti hakitoki. Kwetu hakukuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Kikaratasi kipo mlangoni, sisi tunakisoma, na mjumbe anaapa hakioni.

Nyumba yenye milango miwili

Nikafungua `crt.sh`, tovuti inayotafuta katika daftari za hadharani ambamo vyeti huandikwa vinapotolewa. Mtu yeyote anaweza kuandika jina la domeni yake na kuona vyeti vilivyoandikwa humo kwa jina hilo. Nilitarajia cha mwisho kiwe cha tarehe 14 Juni. Hakikuwa hicho. Kulikuwa na cheti cha katikati ya Agosti, halali hadi Novemba, kwa domeni yake hiyohiyo.

Yaani barua mpya ilishaandikwa, na aliyeichukua hakuwa seva yetu.

Nikamuuliza mama kama tovuti iliwahi kuhama. Akasema ndiyo, mwishoni mwa Julai, kijana aliyeijenga aliihamisha kutoka kampuni moja kwenda nyingine kwa sababu ya bei. Kila kitu kilihamishwa, cheti kikiwamo. Ya zamani haikufutwa, kwa kuwa alikuwa ameilipia hadi Desemba. Halafu akaongeza kitu ambacho hakukihusisha kabisa na jambo letu. Mwezi Agosti mgeni mmoja kutoka Ujerumani alimgombeza kwa barua pepe kwamba ameoneshwa bei moja kwenye tovuti na kudaiwa nyingine. Bei aliyoitaja ilikuwa ya msimu uliopita.

Nikauliza daftari la anwani, DNS, maswali mawili:

```
dig +short A pangani.example
203.0.113.20

dig +short AAAA pangani.example
2001:db8:4::15
```

Rekodi ya `A` ni anwani ya mtindo wa zamani, IPv4, nayo ilikuwa ya seva mpya. Rekodi ya `AAAA` ni anwani ya mtindo mpya, IPv6, nayo ilikuwa bado ya seva ya zamani. Kijana alibadilisha moja akasahau nyingine. Hakuna aliyegundua, kwa kuwa mtandao wa simu yake, wa mama na wangu ulikuwa unapita kwenye IPv4 peke yake. Mgeni wa Ujerumani alikuja na IPv6, akapelekwa nyumba ya zamani, akakuta tovuti nzima imesimama na bei za zamani na kufuli safi.

Na mjumbe wa Let's Encrypt, akikuta domeni ina anwani zote mbili, hugonga kwanza mlango wa IPv6. Mlango huo ungekuwa umekufa, usioitika kabisa, angejaribu wa pili. Lakini seva ya zamani ilikuwa hai na ikaitika kwa adabu: kikaratasi hicho hapa hakipo. `404`. Mjumbe akishajibiwa haendi kwingine, amepata jibu lake. Na seva hiyo ya zamani ilipoomba barua kwa niaba yake yenyewe, mjumbe alifika kwake, akakuta kikaratasi chake, akaandika cheti cha Agosti. Ndipo vipande vyote vikakaa mahali pake.

Hapa ndipo ningemwonya mtu anayekimbilia kununua cheti. Kampuni moja ilikuwa tayari imempigia mama hesabu ya cheti cha mwaka. Kingefanya kazi, maana vyeti vya kununua huweza kuthibitishwa kwa barua pepe badala ya kikaratasi cha mlangoni. Pembetatu ingetoweka, wageni wa Ulaya wangeendelea kuona bei za msimu uliopita, na sisi tusingejua.

Kurekebisha

Kazi yenyewe ilikuwa ya dakika tano, na bado tulipoteza nusu saa. Mama aliingia cPanel, akafungua `Zone Editor`, na rekodi ya `AAAA` hakuiona. Sababu: orodha ile ya cPanel ilikuwa nakala isiyosomwa na mtu. Daftari halisi liko kule domeni inapoelekeza, na hilo unaliuliza hivi:

```
dig +short NS pangani.example
```

Majina yaliyorudi yalikuwa ya msajili aliyemuuzia domeni. Kwa hiyo ilibidi aingie kwenye akaunti ya msajili, ambayo nywila yake alikuwa nayo kijana, ambaye alikuwa safarini. Alipopatikana, rekodi ya `AAAA` ikafutwa. Tungeweza kuweka anwani ya IPv6 ya seva mpya badala ya kuifuta, lakini kampuni yake mpya haikuwa imempa, na rekodi inayosema uongo ni mbaya kuliko kutokuwa nayo.

Tukasubiri hadi swali la `AAAA` liliporudi tupu, kisha `Run AutoSSL` mara moja tu. Saa nane na dakika chache mchana alama ikageuka kijani.

```
notBefore=Sep 12 10:08:53 2025 GMT
notAfter=Dec 11 10:08:52 2025 GMT
```

Ukiangalia `notBefore` utaona ni saa 7 na dakika 8 mchana kwa saa zetu, saa moja kabla cheti hakijatolewa. Si kosa. Let's Encrypt hurudisha nyuma mwanzo wa cheti kwa saa moja ili simu ambazo saa zake ziko nyuma kidogo zisikikatae.

Kuhakiki kwamba kweli imepona

Alama ya kijani ndani ya paneli inakuambia cheti kimewekwa. Haikuambii mgeni anaona nini. Kwa hiyo ukaguzi hufanyika kutoka nje, kwenye dirisha la faragha la kivinjari, na kwa kila jina unalolitumia: lenye `www` na lisilo nalo, na kama una ukurasa wa kuweka nafasi au wa barua pepe wenye jina lake, huo pia. Kwenye Chrome usitafute kufuli. Tangu toleo la 117 la Septemba 2023 mahali pake pana alama ya vitelezi viwili. Ukiibonyeza utaona `Connection is secure`, na ndani zaidi utafika kwenye cheti chenyewe na tarehe zake. Linganisha tarehe hizo na zile za paneli.

Kulinganisha huko si urasimu. Kwa wale wanaoendesha seva yao wenyewe na programu ya Certbot, kosa ninalokutana nalo zaidi ni hili: ukiendesha `sudo certbot certificates` inakuonyesha cheti ni `VALID` kwa siku 60, na wageni bado wanaona kilichokwisha. Faili jipya liko kwenye diski, lakini Nginx, programu inayowapa wageni kurasa za tovuti, ilisoma la zamani ilipowashwa na haijaambiwa isome tena. Dawa ni kuiambia sasa, na kuacha agizo ili iambiwe kila baada ya kuhuisha:

```
sudo systemctl reload nginx
sudo certbot renew --dry-run
sudo certbot renew --force-renewal --deploy-hook "systemctl reload nginx"
```

Mstari wa pili ni mazoezi tu, hautoi cheti cha kweli, na ndiyo njia nzuri ya kujua kama roboti itafaulu siku yake. Wa tatu hutoa cheti kipya na kuhifadhi agizo. Uendeshe mara moja, usiwe tabia, kwa sababu vyeti vinavyorudiwa kwa majina yaleyale vina ukomo wa 5 kwa wiki.

Kosa jingine linawapata wanaobandika kwa mkono cheti cha kununua. cPanel inawapa visanduku vitatu, `CRT`, `KEY` na `CABUNDLE`, na cha tatu wanakiacha wazi. Humo ndimo kinakaa cheti cha katikati, kinachounganisha chako na mtoaji mkuu. Kikikosekana, kompyuta yako inaweza kufungua tovuti bila shida kwa sababu ilishakutana na cheti hicho cha katikati kwingine, na simu ya mteja ikasema `NET::ERR_CERT_AUTHORITY_INVALID`. Ukaguzi wa bure wa SSL Labs hulitambua hilo, huandika `Chain issues: Incomplete`.

Na wanaobandika kwa mkono kila mwaka watapata kazi zaidi. Jukwaa la watoa vyeti na watengeneza vivinjari, CA/Browser Forum, liliamua Aprili 2025 kufupisha umri wa vyeti: ukomo wa siku 398 unashuka hadi 200 kuanzia tarehe 15 Machi 2026, hadi 100 kuanzia 15 Machi 2027, na hadi 47 kuanzia 15 Machi 2029. Hapo mwisho mtu atalazimika kubandika karibu mara nane kwa mwaka, jambo ambalo hakuna mwenye duka atakayeliweza bila roboti.

Kwa mama wa Pangani lilibaki swali la kwa nini roboti ilishindwa mwezi mzima bila mtu kuambiwa. Ilisema. cPanel ilikuwa ikituma taarifa kwenye barua pepe iliyoandikwa katika `Contact Information`, na iliyoandikwa humo ilikuwa ya kijana, sanduku alilokuwa haliangalii tena. Let's Encrypt wenyewe waliacha kutuma barua za kukumbusha tarehe 4 Juni 2025, siku kumi kabla ya cheti kile kutolewa, kwa hiyo huko nako hakukuwa na wa kumwamsha. Tukaandika barua pepe yake, na nywila ya msajili ikabadilishwa akabaki nayo yeye.

Kisha akachukua kalenda ya ukutani pale mapokezi. Roboti itaomba cheti kipya zikibaki siku 30, yaani karibu na tarehe 11 Novemba. Tukampa wiki moja ya kujikwaa. Kwenye tarehe 18 Novemba akaandika kwa kalamu nyekundu: "soma tarehe". Kama siku hiyo cheti bado kingesema Desemba 11, angekuwa na siku 23 za kunitafuta bila mgeni yeyote kuona pembetatu.

Tarehe 18 alinitumia skrinshoti bila neno lolote. Mwisho wa cheti ulikuwa Februari 2026.